Tripodi ipi inunuliwe Goma kwa filamu ya shule inayopigwa picha moja moja kwa simu

Mwanafunzi anayetengeneza filamu ya vitu vinavyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja baada ya nyingine apange filamu yake kwanza, ndipo aende kutafuta tripodi sokoni Virunga au kwa wauza simu wa Birere, kwa sababu mpango ndio unaoonyesha tripodi itafanya kazi gani. Tuchukue mradi wa jiografia kuhusu lava ya Nyiragongo iliyoshuka mnamo Mei 2021, uliotengenezwa kwa udongo wa kufinyanga juu ya meza. Filamu ya sekunde 20, kwa picha 12 kila sekunde, inahitaji picha 240. Ikiwa lava inapaswa kutiririka sentimita 36 kwa sekunde 6, hizo ni picha 72, na kwa hiyo udongo unasogezwa nusu sentimita tu kila mara. Tukikadiria nusu dakika kwa kila picha, kazi nzima itachukua saa mbili, na kwa muda wote huo simu haitakiwi kuhama hata kidogo. Ikihama milimita chache, mlima mzima utaonekana kuruka kwenye filamu, na mtazamaji hataiangalia lava tena.

Kwa sababu hiyo ninaweka mbele tripodi fupi ya mezani, yenye miguu ya chuma na kichwa kinachokazwa kwa skrubu. Watu wengi huidharau kwa ufupi wake, lakini kwa Goma ina faida kubwa. Katika nyumba nyingi za mbao, sakafu hubonyea mtu anapopita, na tripodi iliyosimama sakafuni hutikisika pamoja nayo huku meza ikitikisika kwa namna yake. Tripodi ya mezani hukaa juu ya meza ileile yenye mlima, kwa hiyo meza ikisogea kidogo, simu na mlima husogea pamoja na picha haionyeshi tofauti kubwa. Miguu yake ibandikwe mezani kwa utepe wa gundi kabla ya picha ya kwanza.

Ya pili ni tripodi ndefu ya alumini, ile wanayotumia wapiga picha wa harusi. Inafaa sana darasani kwenye sakafu ya saruji, na ni ya lazima ikiwa mnataka kupiga kutoka juu mandhari pana. Msirefushe miguu yake yote, kwa sababu vipande vya chini ndivyo vyembamba zaidi, na nguzo ya katikati msiipandishe kabisa. Ikiwa ina ndoano chini ya nguzo, tundikeni mfuko wenye mawe ya lava, ambayo hapa kwetu hayanunuliwi, mfuko huo ukigusa sakafu kidogo ili usibembee.

Stendi ya taa ya duara naiweka ya tatu, na ni kwa ajili ya taa yake tu, kwa kuwa fimbo yake moja nyembamba huyumba kila kidole kinapogusa simu. Ya mwisho ni ile yenye miguu laini inayopindwa. Hiyo msinunue kwa kazi hii, hata ikiwa rahisi kiasi gani: miguu yake hulegea polepole chini ya uzito wa simu, kosa ambalo hamtaliona mkiwa kazini, bali mtaliona mkicheza filamu, fremu ikiteremka kidogo kidogo.

Mwombeni muuzaji awaruhusu kuijaribu palepale. Fungeni simu yenu wenyewe, iinamisheni kama itakavyotazama meza, pigeni picha moja, subirini dakika tano, kisha pigeni ya pili bila kugusa chochote. Fungueni picha hizo mbili na mpitishe kidole kutoka moja hadi nyingine: ukingo wa meza ukiteremka, kichwa hakishiki, na muirudishe. Angalieni pia kama kibanio hakibonyezi vitufe vya pembeni wala hakizibi tundu la chaji, kwani waya wa chaji au wa betri ya akiba unapaswa kuchomekwa tangu mwanzo. Kuuchomeka katikati ya kazi kunasogeza simu.

Pesa ikibaki, nunueni rimoti ndogo ya Bluetooth ya kupigia picha, au tumieni spika za masikio zenye waya, ambazo kitufe chake cha sauti hupiga picha katika simu nyingi. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu linapopita, kwa hiyo fungeni pazia na kutumia taa mbili za kuchaji zilizojaa, ambazo hazitazimika umeme ukikatika. Kisha bonyezeni kioo juu ya mlima kwa muda mrefu hadi ulengaji na mwanga vifungwe. Bila hivyo, kila mkono unapoingia na kutoka simu hupima mwanga upya, na filamu itawakawaka hata kwenye tripodi imara kuliko zote.