Viatu vya kwanza vya mtoto: kabla hujalipa, angalia vinakunjika wapi

Mama mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, kaniandikia akilalamika. Mwanawe wa miezi 13 anatembea vizuri tu ndani ya nyumba, lakini akivalishwa viatu anainua miguu kama anavuka matope, hatua tatu kaanguka. Viatu vyenyewe ni vipya, vya duka la mjini, namba 22, na muuzaji alimhakikishia soli ni laini.

Laini ilikuwa kweli. Tatizo ni hiyo sarakasi yao ya dukani: anashika kiatu, anakikunja katikati mpaka pua inagusa kisigino, "Ona dada, laini hii!" Mguu wa mtoto haukunjiki katikati. Unakunjika pale vidole vinapoanzia, na hapo ndipo soli inatakiwa ikubali. Kiatu kinachojikunja katikati huku pua imekakamaa kinamlazimisha mtoto anyanyue mguu mzima na kuutua mzima, na pua inajikwaa.

Kwa hiyo kipime mwenyewe. Shika kisigino kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine sukuma pua kwenda juu. Theluthi ya mbele ijikunje bila wewe kutumia nguvu, katikati ibaki imenyooka. Muuzaji akisema unamharibia kiatu, mrudishie.

Nilimwomba yule mama amsimamishe mtoto kwenye karatasi na kupima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Sentimita 12. Ongeza 1 ya nafasi, unapata 13 za ndani ya kiatu. Namba za Ulaya ni urefu huo mara moja na nusu, yaani 19.5, basi tafuta 20. Ile 22 ina kama sentimita 14 na nusu, naye aliichukua kwa sababu muuzaji alimwambia "atakua tu". Na kiatu kikizidi namna hiyo, hata soli nzuri inakunjika mbele zaidi ya pale vidole vinapoanzia. Namba nazo hutofautiana kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo kata kipande cha boksi cha sentimita 13, nenda nacho sokoni, kiingize ndani ya kiatu. Rudia kipimo kila baada ya miezi miwili hivi, maana umri huu mguu haungoji.

Ndani mwache peku. Kwenye sementi au vigae vidole vinashika sakafu, na mtoto anajifunza kusimama kwa kuihisi. Nyayo bapa zisikutishe, wengi wa umri huo wanazo, na hakuna kiatu cha kuzirekebisha. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, mvalishe soksi zenye vidoti vya mpira chini. Soksi tupu kwenye vigae ni kumtafutia mtoto nundu. Kiatu ni cha nje: mbigili, vigae vya chupa, mchanga wa saa saba mchana.

Chaguo langu la kwanza ni Clarks za mtumba, na sioni haya kusema napendelea. Wao hupima na upana: ndani utaona namba ikifuatiwa na herufi, na kwa miguu minene ya watoto natafuta G au H. Kingine, mtumba hausemi uongo. Mikunjo iliyobaki juu ya ngozi inakuonyesha kiatu kilikuwa kinakunjika wapi. Ikipita kwenye mizizi ya vidole, chukua. Kisigino kikiwa kimeliwa upande mmoja, au ukibonyeza soli ikamenyeka vipande, kiache, gundi na soli vimeshazeeka. Ukitazama ndani ukakuta alama nzito ya vidole vya mwenzake, kiache pia.

Pili ni Bubblegummers za Bata, vipya. Jaribu kila jozi, usiamini jina pekee. Tatu, vile vya ngozi laini vyenye lastiki kwenye kifundo: vinakunjika vizuri kuliko vyote, ila mbigili ya Dodoma inapita moja kwa moja, kwa hiyo ni vya barazani. Yeboyebo na vile vya kulia pwii pwii, hapana. Hicho cha kulia hukaa kisiginoni, na ili kipate nafasi kisigino kinanenepeshwa.

Kinachoniudhi sasa ni wauza mitumba wa soko la Sabasaba, wamelijua jina la Clarks. Jozi iliyokuwa inalala chini kwenye turubai pamoja na nyingine, leo inaning'inizwa juu peke yake, inapigwa kiwi, inaitwa "gredi A" na bei inapanda mara tatu. Naikunja, naingiza kipande changu cha boksi, nataja bei yangu naondoka. Mara nyingi naitwa kabla sijafika meza ya tatu.