Bao la ugenini: lilipohesabiwa na lilipofutwa

Kabla ya 1965, UEFA ilimaliza sare za mikondo miwili kwa mechi ya tatu kwenye uwanja huru, hata kwa kurusha sarafu. Kanuni ya bao la ugenini, iliyopitisha timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini jumla ikilingana, iliondoa adha hiyo na kuwachokoza wageni washambulie.

Mwaka 2019 Ajax ilishinda 1-0 London, kisha Tottenham ikashinda 3-2 Amsterdam. Jumla 3-3, Tottenham ikapita. Leo wangeongezewa dakika 30, kisha penalti.

Kanuni hiyo ilifutwa 2021 kwa sababu ilileta kinyume: wenyeji mechi ya kwanza walijifungia nyuma wakihofia kufungwa, na ushindi wa nyumbani ulishuka toka asilimia 61 miaka ya 1970 hadi 47. Mimi naunga mkono kufutwa, ingawa mechi ndefu huchosha wachezaji.