Tailizi ngapi zinatosha chumba kimoja? Saizi zimepangwa kuanzia inayokulipa zaidi

Watu wengi wakienda hadiwea kununua tailizi wanafanya hesabu moja tu, urefu mara upana, wanaongeza asilimia 10, basi. Hiyo hesabu sio mbaya kwa kukadiria hela, ila haikwambii chumba chako kitakula tailizi ngapi, kwa sababu tailizi hazikatwi kwa asilimia, zinakatwa kwa mistari. Na kuna kitu kimoja kinaimeza hiyo 10 yote bila watu kujua, nakuja nacho.

Tuchukue chumba cha kulala cha kawaida, mita 4.20 kwa 3.40, kipimo cha ndani baada ya plasta, sio kile cha kwenye ramani maana plasta inakula sentimita kadhaa. Pima kila upande sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, uchukue kipimo kikubwa. Afu pima kona kwa kona, zote mbili. Chumba hiki kikiwa skwea zitakuja mita 5.40 na ushee zote, zikipishana zaidi ya sentimita mbili tatu ujue kona hazijakaa sawa na vipande vya ukutani vitatoka kimoja kipana kingine chembamba.

Eneo ni mita za mraba 14.28. Mahesabu yote hapa chini yametumia spesa za mm 2 na nafasi ya nusu sentimita kila ukuta, ile inayofunikwa na skatingi.

Namba 1: 40x40

Kwa chumba hiki naiweka ya kwanza bila kusita. Upande wa mita 4.20 zinaingia nzima 10 na inabaki kama sm 17, upande wa 3.40 zinaingia nzima 8 na inabaki sm 17 na kidogo. Kwahiyo nzima ni 80. Sasa angalia hapa, kipande cha sm 17 ni chini ya nusu ya tailizi, maana yake tailizi moja inatoa vipande viwili, na kila kimoja kinabaki na ukingo mmoja wa kiwandani wa kutazamana na mwenzake, ule uliokatwa unaenda ukutani. Vipande 8 vya upande mmoja vinakula tailizi 4, vipande 10 vya upande mwingine vinakula 5, na kile kidogo cha kona kinakula 1. Jumla 90. Fundi asiyejali atakata kila kipande kwenye tailizi mpya na utamaliza 99 kwa sakafu ile ile, kwahiyo mwambie mapema, na siku ya kukata uwepo.

Bado skatingi. Mzunguko wa chumba ukitoa mlango ni kama mita 14.3, hiyo ni vipande 36 vya sm 40, na tailizi moja inatoa vinne vyenye kimo cha sm 9 na kitu. Ni tailizi 9 zingine, tumefika 99. Rudi sasa kwenye ile asilimia 10: mita za mraba 14.28 ukiongeza 10 ukagawa kwa eneo la tailizi moja inakuja 99 hiyo hiyo! Yaani skatingi peke yake imeimaliza, hujavunja hata moja na huna ya akiba.

Mi naongeza 3 za kuvunjika na 6 za kuweka, inakuja 108, ambayo kwa boksi la vipande 12 ni maboksi 9 kamili. Ila soma boksi lako, idadi inatofautiana kiwanda na kiwanda.

Tahadhari moja, hesabu ya tailizi moja kutoa vipande viwili inategemea kipimo. Chumba kingekuwa 3.45 badala ya 3.40 kile kipande kingekuwa sm 22, zaidi ya nusu, na vile 10 vingetaka tailizi 10 badala ya 5. Sentimita tano tu. Ndo maana nasema pima mwenyewe, usichukue namba ya fundi kwa simu. Na kama tailizi ina maua au mistari yenye uelekeo, kile kipande cha pili kinaweza kisikae, hapo hesabu kila kipande ni tailizi yake.

Namba 2: 60x60

Zinapendeza kuliko zote na grauti ni chache, sakafu inaonekana kubwa. Upande mrefu zinaingia 6 nzima na ya saba inapunguzwa sentimita mbili tu, upande mfupi 5 nzima na kipande cha sm 38. Hapo 38 ni zaidi ya nusu, hakuna cha kupata viwili, kwahiyo ni 7 mara 6, tailizi 42. Ila mabaki ya sm 22 usiache yatupwe, kila moja inatoa skatingi mbili, unapata 14 kati ya 24 zinazotakiwa na zilizobaki 10 zinatoka kwenye tailizi 2. Weka 2 za kuvunjika na 4 za akiba, jumla 50, boksi la vipande 4 ni maboksi 13. Ukienda na asilimia 10 ungenunua 11, na la kumi na mbili ungelifuata fundi akiwa amekaa anakusubiri.

Nimeziweka ya pili kwa sababu sakafu isipokuwa bapa kabisa kona zake zinainuka, na ikipasuka moja baadae umepoteza kipande kikubwa. Kama fundi wako ni mzuri na zege limenyooka, chukua hizi kwa sebule.

Namba 3: 30x30

Hizi waachie choo na bafu, maana zinafuata mteremko wa maji vizuri. Kwa chumba hiki upande wa 3.40 zinabakiza kipande cha kama sm 7, chembamba kinachovunjika kukikata na kinachoonekana vibaya, kukikwepa fundi inabidi asogeze ili pande zote mbili zipate vipande vya sm 18, inafika 168 kabla ya skatingi, na grauti kila mahali.

Namba 4: za mbao 20x120

Nzuri lakini zinakula. Ndefu hivi mara nyingi zina kipindo kidogo katikati, kwahiyo usikubali maungio yakae nusu kwa nusu, theluthi inatosha, na mabaki mengi hayarudi kwenye mstari unaofuata. Weka asilimia 15 sio 10, skatingi pembeni.

Saizi yoyote utakayochukua, kabla hujalipa geuza kila boksi usome namba ya bachi na ya shedi, zifanane zote, hata kama jina la tailizi ni moja. Rangi ya bachi mbili inaweza kupishana kidogo usione dukani, ukaja kuiona mchana dirisha likiwa wazi. Na muulize muuzaji kama boksi ambalo halijafunguliwa linarudishwa, aandike kwenye risiti. Zile za akiba ziache kwenye boksi lake, zisimamishwe kwa ubavu, usilipasue upande wenye namba ya bachi.