Vitabu vitatu vya chesi kwa mchezaji aliyekwama: uzoefu wangu wa Tanga

Hapa Tanga chesi si mchezo wa barazani kama lilivyo bao au drafti, kwa hiyo wengi wetu tunaoucheza tumejifunza wenyewe, kwa simu na kwa kutazama wengine. Nami ni mmoja wao. Kiwango changu kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi mtandaoni, kilikuwa kikipanda na kushuka kati ya 1300 na 1400 kwa miaka, na kila kiliposhuka nilitafuta maelezo mapya ya mianzo: namna ya kuanza na askari wa e4, yaani safu ya e na mstari wa nne kutoka upande wa mweupe, namna ya kujibu ukianziwa na d4, mitego ya hatua za mwanzo. Maoni haya yanahusu vitabu vitatu nilivyovisoma baada ya kuachana na mianzo, na hasa yanahusu sura moja ya kitabu kimojawapo, kwa kuwa ndiyo iliyonisogeza.

Kabla ya kununua chochote, nilirudia michezo niliyopoteza nikaitazama mmoja mmoja, nikijiuliza ni hatua ipi mchezo uliponitoka mkononi. Kazi hii ni ya kuchosha, lakini ndiyo inayoonyesha kitabu gani kinafaa. Michezo iliyoharibika katika hatua kumi za mwanzo ilikuwa michache sana. Mingi ilikuwa ya aina mbili: ama nilimpa mpinzani kete bure au sikuona shahamati, yaani mfalme kushambuliwa asiwe na pa kuponea, iliyo hatua mbili mbele, ama nilifika mwisho nikiwa na askari mmoja zaidi, kisha nikatoka sare. Ikiwa michezo yako nayo inagawanyika hivyo, kitabu cha mianzo hakitakusaidia, hata kikiwa kizuri.

Kwa tatizo la kwanza nilitumia Bobby Fischer Teaches Chess, kilichotoka mwaka 1966, ambacho Fischer alikiandika pamoja na Stuart Margulies na Donn Mosenfelder. Hiki ni kitabu cha maswali na majibu: unaonyeshwa picha ya ubao, unaulizwa kama shahamati ipo, unafungua ukurasa kuona jibu. Karibu kila swali linahusu kumpiga mfalme shahamati, hasa aliyebanwa na askari wake mwenyewe katika mstari wa nyuma. Kwenye chapa niliyoisoma unapitia kurasa za upande mmoja mpaka mwisho, kisha unakigeuza kitabu kichwa chini miguu juu na kurudi na kurasa za upande wa pili. Ukikiazima bila kuambiwa unaweza kudhani kimechapwa vibaya. Ni chepesi, kinasomeka hata ndani ya daladala bila ubao, na kinamalizika upesi. Kasoro yake ni kwamba hakifundishi kitu kingine chochote, na mtu anayeona shahamati za mstari wa nyuma bila shida hana haja nacho.

Kitabu cha pili ni Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev, cha mwaka 1957. Kina michezo 33, na kila hatua ya kila mchezo imeelezwa, hata zile hatua za mwanzo ambazo waandishi wengine huziruka. Marudio hayo humchosha mtu anayesoma kwa pupa, ila kwangu yalikuwa dawa, kwa sababu baada ya kuelezwa mara nyingi kwa nini si vyema kuwasukuma ovyo askari walio mbele ya mfalme aliyekwisha kujificha pembeni na ngome yake, mkono wangu uliacha wenyewe ile tabia ya kumsogeza askari wa h kila nilipokosa la kufanya. Lakini msomaji na ajue kwamba Chernev huusimulia mchezo akiwa tayari anamjua mshindi. Kila hatua ya mshindi inaonekana ya busara na kila hatua ya aliyeshindwa inaonekana ya kizembe, jambo ambalo silo tunaloliona tukiwa mbele ya ubao.

Kitabu hicho nilikisoma kwa kufunika ukurasa na kipande cha karatasi, nikacheza hatua za pande zote mbili kwenye ubao halisi, na kila ilipofika zamu ya mshindi niliandika hatua ambayo ningeicheza mimi kabla ya kufunua. Kusoma kwa macho tu, huku ukikubali kwa kichwa kila maelezo, ni kama kusikiliza hadithi: inapendeza, na kesho yake hukumbuki hatua hata moja.

Sasa nije kwenye kitabu kilichostahili zaidi muda wangu, nacho hakikunigharimu chochote. Ni Chess Fundamentals cha José Raúl Capablanca wa Kuba, kilichotoka mwaka 1921, mwaka uleule alioupata ubingwa wa dunia alioushikilia hadi 1927. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Mimi niliipakua nakala hiyo na kurasa za mwanzo nikazichapisha kwenye duka la steshenari huku Ngamiani, kwa kuwa kusoma kwa simu huku ukipanga kete ubaoni kunakatisha tamaa. Capablanca haanzi na mianzo. Anaanza na shahamati sahili, kisha mara moja anaingia kwenye mfalme na askari dhidi ya mfalme mtupu. Ushauri wake hapo ni kwamba mfalme ndiye atangulie mbele, kadiri askari anavyobaki salama nyuma yake, na askari asisogezwe mpaka usalama wake mwenyewe udai hivyo. Mimi siku zote nilifanya kinyume: nikibaki na askari mmoja, nilimkimbiza yeye.

Panga ubao uone. Mfalme mweupe yuko e5, askari wake yuko e4, mfalme mweusi yuko e7. Wafalme wanatazamana na kati yao pana mraba mmoja tu. Hapa swali ni moja: zamu ni ya nani? Ikiwa ni zamu ya mweusi, anashindwa, kwa sababu hana budi kupisha. Akienda d7, mweupe anapita upande wa pili kwenda f6. Mweusi akirudi e8, mweupe anaingia e6, na kwa mara nyingine wafalme wanatazamana na mweusi ndiye wa kucheza. Akienda d8, mweupe anakwenda f7, na kutoka hapo mfalme anailinda miraba mitatu ya mwisho ambayo askari ataipitia: e6, e7 na e8. Askari anapanda mpaka juu na kugeuka malkia.

Ikiwa kete ni zilezile lakini zamu ni ya mweupe, mchezo ni sare. Mweupe anakwenda d5, mweusi anamfuata d7. Askari anapanda e5, mweusi anarudi e7. Askari anapanda e6, na hapa ndipo panapoamua kila kitu: mweusi ana nafasi moja tu ya kujiokoa, nayo ni kurudi moja kwa moja nyuma, e8. Mweupe akija d6, mweusi anakwenda d8 kutazamana naye. Askari akipanda e7 anatoa cheki, yaani anamshambulia mfalme, mweusi anarudi e8, na mweupe ama amwache askari aliwe, ama aje e6 na kumfungia mweusi asiwe na pa kwenda ilhali hajapigwa cheki, ambayo ni sare. Lakini kama badala ya e8 mweusi angerudi d8, mweupe angekuja d6, mweusi angelazimika kwenda e8, na askari angepanda e7 bila cheki. Mweusi angebaki na f7 peke yake, mweupe angekwenda d7, na malkia angepatikana. Ndiyo alama ninayoitazama siku hizi: askari akifika mstari wa saba bila kutoa cheki, huku mfalme wake akiwa karibu hivyo, kwa kawaida anashinda, akifika kwa cheki, kwa kawaida ni sare.

Sasa mrudishe askari mraba mmoja tu, awe e3 badala ya e4, wafalme wakibaki e5 na e7, na zamu iwe ya mweupe. Safari hii anashinda. Anacheza e4, na zamu ileile iliyokuwa inamtesa inahamia kwa mweusi. Hatua hiyo moja ya akiba ndiyo maana ya kutomkimbiza askari. Nilimwonyesha mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora ambaye huwa tunacheza naye jioni. Alinyamaza, akaupanga ubao upya mara kadhaa, kisha akasema, "Kumbe siku zote umekuwa ukinipa sare, mwanangu." Nikamjibu, "Na wewe, mwalimu, umekuwa ukinipa mimi."

Kanuni hii ina mpaka wake. Haifanyi kazi kwa askari wa pembeni kabisa, wa safu ya a au ya h, kwa sababu mfalme anayejitetea akiwahi kuingia kwenye pembe ya mbele ya askari huyo, hatoki, na mchezo unakuwa sare hata kama mfalme wako ametangulia. Kwa hiyo unapochagua ni askari gani wa kubadilishana na yupi wa kubaki naye, mwache wa katikati.

Kero kubwa ya nakala hiyo ya bure ni maandishi ya hatua. Imetumia mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambamo askari wa mfalme akienda hatua mbili huandikwa P-K4 badala ya e4, na kila mchezaji huhesabu mistari kuanzia upande wake. Maana yake ni kwamba K4 ya mweupe ni e4, lakini K4 ya mweusi ni e5. Nilipata shida mwanzoni, nikawa naandika kwa penseli e4 au e5 pembeni ya kila hatua, na baada ya sura chache nikazoea. Chapa za zamani za Chernev zina mtindo huohuo, ila zipo mpya zaidi zilizogeuzwa kuwa za e4.

Kwa utaratibu wa kusoma, ningempa aliyekwama kama mimi sura ya kwanza ya Capablanca kwanza, kisha Chernev, na Fischer pale tu michezo yake inapoonyesha kwamba haoni shahamati. Sura za mbele za Capablanca nilizipitia haraka. Ni fupi mno katika maelezo, naye huona dhahiri mambo ambayo kwetu si dhahiri. Kama unaagiza nakala ya mitumba kutoka Dar es Salaam iletwe kwa basi, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa mmoja wa katikati kabla hujalipa. Ukiona P-K4, ujue unachonunua, na umwombe apunguze bei.