Uzoefu wangu: barua ya kurasa 2 niliyopewa na daktari nilipoambiwa nina kisukari

Nakaanga mahamri hapa Langoni, Lamu, mwaka wa 19 sasa. Mwaka jana kiu ilinishika isiyokatika kwa maji wala kwa ndimu. Usiku naamka mara nne, mara tano, kwenda msalani, na herufi za kwenye simu zikawa zinanichezea. Zahanati ya kwanza niliyokwenda walinitoboa kidole, wakasema "sukari iko juu, mama", nikapewa bahasha ndogo ya karatasi yenye vidonge, juu yake imeandikwa kwa kalamu 1×2. Basi. Iko juu kiasi gani, ni ugonjwa au ni ya siku ile tu, nirudi lini, hakuna aliyesema. Nilimeza siku tatu, tumbo likachafuka, vidonge nikavitia kabatini.

Kliniki ya pili nilimkuta daktari wa kike, umri wa binti yangu. Alinipima mara mbili kwa siku tofauti, akachukua na damu ya mkononi. Majibu yalipotimia tulizungumza, kisha akanipa barua ya Kiswahili aliyoiandika kwa herufi kubwa, maana alijua macho yangu hayaoni vizuri. Barua hiyo ndiyo ninayoitolea maoni hapa.

Ukurasa wa kwanza unaeleza ugonjwa wenyewe, na nambari zimo. "Mama, sukari yako kabla ya kula ilikuwa 13.1 mmol/L, na wiki iliyofuata 12.4. Ikifika 7.0 tunaita kisukari." Halafu anaeleza kipimo cha HbA1c. Sukari hushikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama miezi minne, kwa hiyo kipimo hicho kinaonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wala hakibadilishwi na mlo wa jana. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Yangu ilikuwa 9.6. Hapo ndipo nilipoamini, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa nikijiambia ni ile halwa ya harusi.

Chini yake kuna mstari ambao sikuutarajia: kama kwetu kuna siko seli, au nimeongezewa damu karibuni, nimwambie, kwa sababu chembe zikifa mapema HbA1c hutoka ndogo kuliko hali ilivyo. Mtoto wa kaka yangu anayo siko seli. Nilimwambia, nikapimwa, nikaonekana sina.

Jambo jingine lililoniokolea pesa ni la macho. Nilikuwa nimeshapanga safari ya kwenda Malindi kununua miwani. Barua ikasema nisinunue bado. Sukari ikiwa juu, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na ikishuka hubadilika tena, kwa hiyo miwani ya leo haitanifaa baada ya wiki chache. Na kweli, wiki ya tano nilikuwa nasoma ujumbe wa simu bila kukunja uso.

Ukurasa wa pili ni dawa. Metfomini ya miligramu 500: wiki ya kwanza kidonge 1 tu, katikati ya chakula cha usiku. Wiki ya pili 1 asubuhi na 1 usiku, vyote pamoja na chakula. Tumbo likitulia, daktari ataongeza mwenyewe mpaka 2 na 2. Nilipoona hivyo nikaelewa kosa la ile bahasha. Dawa ilikuwa hiyohiyo, ila mimi nilianza na viwili kwa siku, na cha asubuhi nilikimeza alfajiri tumbo tupu, nikiwa nimesimama mbele ya karai la mafuta.

Hapa sasa ndipo lilipo lalamiko langu, na nalisema kwa sababu barua hii ni nzuri na ningependa iwe nzuri zaidi. Mahali pamoja imeandikwa: "Ukiharisha kidogo usiache dawa, rudi kwenye kidonge 1, kisha nipigie." Mistari sita chini yake: "Ukiumwa, ukatapika au kuharisha, simamisha dawa." Wiki ya pili nikaharisha. Binti yangu alinisomea mistari yote miwili, tukatazamana. Niendelee au niache?

Nilimpigia. Akaniuliza: unakula? Unakunywa maji yakatulia? Mkojo unatoka kama kawaida? Una homa? Nilikuwa nakula, nakunywa, sina homa. Akasema hiyo ni dawa yenyewe inazoeana na tumbo, nirudi kwenye kidonge 1 kwa wiki moja. Ya kusimamisha ni ile ya kuumwa hasa, unapotapika au kuharisha mpaka maji hayakai mwilini. Metfomini hutolewa na figo. Mwili ukikauka, figo hupunguza kazi, dawa hujikusanya kwenye damu, na hapo inaweza kudhuru. Unaianza tena ukishakula na kunywa vizuri siku moja au mbili. Maelezo hayo yalichukua dakika mbili kwenye simu. Yangekuwemo kwenye barua, mtu asiye na salio la simu asingebaki anakisia.

Upande wa chakula aliandika kama mtu aliyekaa Lamu. Hakuniambia niache "wanga", neno ambalo ningelisoma nikaendelea na mambo yangu. Aliandika: hamri 1 badala ya 3, mbaazi ziongeze, chai isiwe na sukari, wali wa nazi ujaze robo ya sahani na samaki robo, nusu iliyobaki iwe mchicha au kachumbari. Kuonja mahamri nikikaanga alikuhesabu pia kuwa kula. Hilo lilinigusa, kwa sababu nilikuwa naonja vipande vipande mpaka saa tatu asubuhi.

Siku za kurudi ziliandikwa kwa tarehe, na kila tarehe na sababu yake. Wiki ya pili ni kwa ajili ya tumbo na sukari ya asubuhi. Baada ya miezi mitatu ni HbA1c, na si mapema, kwa kuwa chembe za zamani bado zimo kwenye damu. Mkojo wa kuangalia figo na uchunguzi wa nyuma ya jicho vifanywe mwanzoni kabisa, kwa sababu kisukari cha aina ya pili, kama changu, kinaweza kujificha miaka kabla hujakijua. Siku ya macho nije na mtu, maana matone ya kupanua mboni hukuacha na ukungu saa kadhaa. Vichochoro vyetu na punda wake, nilishukuru kuwa na binti yangu.

Ramadhani haikutajwa, nayo ilikuwa karibu. Nilimuuliza, akaandika nyuma ya karatasi: cha asubuhi kihamie daku, cha usiku kiwe futari, na sukari ikishuka chini ya 3.9 nifungue hata kama adhana imebaki dakika 10.

HbA1c ya baada ya miezi mitatu ilitoka 7.4. Tunataka ishuke chini ya 7.

Juzi wifi yangu alikuja na bahasha yake, ya 1×2 kama niliyopewa mimi, akataka anakili dawa kutoka kwenye barua yangu. Nilimwonyesha mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili: "Kiasi hiki ni kwa figo zako, zilizopimwa." Yeye zake hazijapimwa. Jumatatu ninafunga karai mapema nimpeleke.