Boila na baridi ya Minesota: ununue nini kabla ya kwenda likizo Mombasa

Wadau mnaoishi Minesota na nyumba zenu zinapashwa moto kwa boila, Disemba mkienda kwetu wiki tano nyumba inabaki tupu, na boila ikizima usiku wa nyuzi -25 za Selsiasi maji ndani ya paipu yanaganda, yanatanuka kama asilimia 9, paipu inapasuka. Ubaya ni kwamba hutaona kitu mpaka barafu iyeyuke, ndio maji yanaanza kumwagika. Mimi naweka vitu hivi kwa mpangilio huu.

Namba moja ni kengele ya baridi, ile yenye laini ya simu na betri yake, sio ya waifai tu, maana umeme ukikatika waifai inakufa na boila inakufa, unabaki unajidanganya kule Nyali eti kwangu kuko salama. Thamostati niliiacha nyuzi 13, kengele nikaiweka ilie ikifika 10, na niliiweka kwenye kona ya baridi kabisa ya nyumba, sio karibu na boila. Lakini bila mtu mwenye ufunguo wako kengele ni kelele tu, kwa hiyo mtafute kwanza mtu.

Namba mbili ni antifrizi, ile dawa ya kuchanganya na maji ya boila yasigande. Nunua propilini glikoli ya boila, ya gari usiguse, ile kawaida ni etilini glikoli na ina sumu, halafu viungo vyake vinaharibu sili za pampu. Mfumo wangu una lita 95 hivi, ndoo mbili za lita 19 zisizochanganywa zikanipa asilimia 40, inaanza kuganda kwenye nyuzi -21 hivi, na chini ya hapo inakuwa uji kwanza, haipasui paipu papo hapo. Soma kopo vizuri, kuna ndoo zinauzwa zikiwa tayari zimechanganywa na maji, hesabu yako yote inaharibika. Boila ya aluminiamu ina antifrizi yake, uliza fundi.

Sasa mtego, na mimi ulininasa: valvu ya kujaza maji yenyewe. Kulikuwa na kijivujo kidogo, valvu ikawa inaongeza maji kimya kimya msimu mzima, fundi alipopima kwa rifraktomita antifrizi imebaki kama asilimia 20. Tangu hapo naifunga, naangalia presha, na napima kila Oktoba, asidi nayo pia, maana glikoli ikizeeka inakula chuma.

Namba tatu, sponji za kuvalisha paipu. Bei rahisi, nunua, lakini ni kama blanketi kwa maiti, halileti joto, linachelewesha tu. Weka kwenye paipu za ukuta wa nje.

Ah na kumbuka antifrizi ya boila haifiki kwenye bomba za jikoni na bafuni, hizo funga maji kwenye valvu kuu uzimwage kabisa, ila hakikisha kwanza boila yako sio ya mvuke, hiyo maji yakipungua inajizima.