Paneli ya wati 400 inayotoa 320: ipi ununue kwa paa la bati Unguja na Pemba

Mama mdogo anauza barafu za ukwaju Micheweni. Mwezi wa pili alinipigia simu kwa hasira: "Njoo unitazamie, wameniibia. Paneli imeandikwa mia nne, mashine yasema mia tatu na ishirini." Nilifika saa sita u nusu, jua la utosini, mbingu safi. Kioo cha kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, kilisoma 27.1 V na 11.8 A. Zidisha, utapata kama wati 320. Betri ilikuwa bado ina njaa, kwa hiyo kontrola haikuwa ikijizuia. Mama mdogo hakukosea kusoma, na muuzaji naye hakumwibia.

Wati za lebo hupimwa kiwandani. Paneli humulikwa kwa mwanga wa kupepesa mara moja, kabla haijapata moto, seli zikiwa na nyuzi 25. Kipimo hicho kwenye lebo huitwa STC. Sasa niambie ni lini paneli iliyo juu ya bati la Micheweni mwezi wa pili ilikuwa na nyuzi 25 adhuhuri.

Geuza paneli uangalie nyuma. Utaona namba ya NOCT, aghalabu 45. Maana yake ni joto la seli hewa ikiwa nyuzi 20, kukiwa na upepo mdogo na jua la wati 800 kwa kila mita ya mraba. Hapo seli imeizidi hewa kwa nyuzi 25. Jua likifika wati 1000, zile 25 huwa kama 31. Siku ile hewa ilikuwa nyuzi 32, basi seli zilikuwa kwenye 63, yaani 38 juu ya kipimo cha kiwandani.

Karibu na hapo utafute mstari wa Pmax, yaani nguvu ya juu kabisa ya paneli, wenye alama %/°C. Ya mama mdogo imeandikwa −0.35. Kila nyuzi moja ikipanda juu ya 25, paneli hupoteza asilimia 0.35 ya nguvu. Mara 38 ni asilimia 13 na kidogo: mia nne imekuwa 346 kabla ya kuhesabu chembe moja ya vumbi. Wati 26 zilizobaki zilikuwa zimelala juu ya kioo, na tutazifikia.

Huo mstari wa Pmax ndio ninaopangia daraja. Namba zote hapa chini ni za paneli ya wati 400, nyuzi zile zile 63, kioo kikiwa safi.

Ya kwanza ni mono, zile nyeusi, lakini mpya yenye seli za aina ya N, na −0.29 au −0.30. Hutoa kama wati 355. Ni nzuri, lakini tazama imeishinda mono ya kawaida kwa wati ngapi: tisa tu. Kwa hivyo kama bei yake imezidi kwa zaidi ya asilimia tatu hivi, na nafasi juu ya paa ipo, mimi nashuka daraja.

Ya pili, na ndiyo ninayowanunulia watu wengi, ni mono ya kawaida yenye −0.34 hadi −0.36. Hii ndiyo ya mama mdogo.

Ya tatu ni poli, zile za bluu, ambazo siku hizi mara nyingi ni mitumba. Nyingi zina −0.40 au zaidi kidogo, nawe utabaki na kama 338. Joto peke yake halinifanyi niikatae poli. Ikiwa bei imeshuka vya kutosha na kioo hakina ufa, chukua.

Ya mwisho ni ile isiyo na mstari wa Pmax wala NOCT, yenye wati tu kwa herufi kubwa. Nenda dukani na futi kamba. Paneli nzuri za leo hutoa wati 200 hadi 230 kwa mita ya mraba, kwa kipimo kile kile cha kiwandani. Ikiwa ina mita moja kwa mita moja na imeandikwa 300, irudishe ilikotoka, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Fundi naye anaweza kukuharibia yote hayo kwa boliti nne. Paneli ikilazwa ikagusa bati, mgongo haupati upepo, na seli hufika nyuzi 70 na zaidi. Nyuzi saba hadi kumi za ziada ni hasara ya asilimia mbili na nusu hadi tatu na nusu, sawa na tofauti yote uliyoilipia ulipopanda kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Mwambie aiinue kwa vyuma, abakishe uwazi wa sentimita 10 hadi 15 chini yake, na upande wa juu na wa chini asiuzibe, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Akuinamishie pia nyuzi kumi hivi, ielekee kaskazini. Ikilala bapa, maji ya mvua hutuama kwenye ukingo wa fremu na kuacha mstari wa tope.

Tena ukinunua kontrola ya PWM kwa betri ya volti 12, usiilaumu paneli kubwa kama hii. Kontrola hiyo huivuta paneli hadi volti ya betri, na utaona chini ya wati 200 hata kioo kikiwa kimeoshwa. Paneli hii inataka kontrola ya MPPT, inayoiacha paneli kwenye volti yake na kuigeuza ziada kuwa amperi za betri.

Turudi kwenye vumbi. Nyumba ya mama mdogo iko kando ya barabara ya kifusi, na wakati wa kaskazi hakuna mvua ya kuosha. Chumvi ya baharini huja na upepo, hulainika usiku kwa umande, vumbi likanata juu yake kama unga kwenye mkono wa mpika maandazi. Lakini joto na vumbi huacha alama tofauti kwenye kioo cha kontrola: joto hushusha volti, vumbi hushusha amperi. Lebo yake inasema volti 31 na amperi 12.9 kazini. Volti 27 ni joto, na huna la kufanya ila kuipa hewa. Amperi 11.8 ni uchafu.

Nilimwambia asioshe pale pale. Maji ya baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua, na hata kisipopasuka, paneli ikipoa volti hupanda kwa muda, nawe utadhani ni kazi ya sabuni. Tuliosha alfajiri ya pili, kwa maji ya mvua na kitambaa laini. Ya kisima chake yana chumvi, yakikauka huacha ukungu mweupe. Kwenye kona kulikuwa na kinyesi cha kunguru kimoja, kikubwa kama sarafu, na hicho ndicho nilichokiogopa kuliko vumbi lote: kikikua kikafunika seli moja, dayodi, ile njia ya pembeni ya umeme ndani ya paneli, huiruka theluthi nzima ya paneli, na hapo volti hushuka kwa mkupuo, kutoka 27 hadi kama 18.

Saa sita u nusu, mbingu safi kama jana, kontrola ilisoma 27.0 V na 12.8 A.

"Mia tatu arobaini na sita," akasema mama mdogo. "Na hizo hamsini na nne?"

"Hizo zirudi mwezi wa saba, kusi likivuma. Na si zote."